Twende Mwembeni: maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu zoezi la moto kwa watoto wa chekechea wanaoogopa alamu

Mi ni mwalimu wa chekechea, watoto wangu wana miaka 3 mpaka 5, na zoezi la moto kwetu ni mchezo unaoitwa Twende Mwembeni kwa sababu tunaishia chini ya mwembe ulio mbali na jengo. Walimu wenzangu na wazazi wananiuliza maswali yaleyale, basi nimeyaweka hapa pamoja. Ukisoma utaona narudia jambo moja, kwamba sauti ya alamu ni somo moja na safari ya kutoka nje ni somo lingine, yanafundishwa mbalimbali kwanza ndo yanaunganishwa, na mtoto muoga ukimpa yote mawili kwa mpigo unampoteza.

Si nipige tu kengele watoke, watazoea wenyewe?

Wapo watakaozoea, ila yule muoga hazoei, anazidi. Mtoto wa miaka 4 akisikia mlio mkali wa ghafla mwili wake unashtuka kabla hata hajajua ni nini, alafu anaangalia uso wa mwalimu, akikuta mwalimu naye anapiga kelele "haya haya tokeni upesi!" basi ameshapata jibu lake, kwamba hapa kuna hatari kubwa na watu wazima wenyewe wamechanganyikiwa. Wiki inayofuata akisikia tu mlio unaofanana, hata wa gari linalorudi nyuma, analia.

Na kilio sio shida kubwa. Shida kubwa ni kwamba mtoto mdogo mwenye hofu anajificha. Anaingia chini ya meza, nyuma ya mlango, kabatini, kwenye godoro za kulalia, anaziba masikio na anakaa kimya kabisa hata ukimwita jina. Watu wa zimamoto wanalijua hili, ndo maana wakiingia kwenye nyumba yenye watoto wanatafuta chini ya vitanda na ndani ya makabati. Kwa hiyo unapomuachia mtoto muoga "azoee mwenyewe" kiukweli unamfundisha kujificha, na anafanya mazoezi ya kujificha kila mara unapopiga ile kengele.

Kwa sababu hiyohiyo mchezo wako usifanane hata kidogo na kujificha na kutafutana. Nishaona mwalimu anasema "moto unakuja kututafuta, twende asitupate!" akidhani anaufanya uwe wa kufurahisha, watoto watatu wakaingia chini ya meza palepale, na hawakukosea, walicheza sawasawa na walivyoambiwa.

Mchezo wenyewe unakuaje?

Hatua za mwanzo hazina sauti yoyote, wiki nzima. Mwalimu anasimama mlangoni ananyanyua mkono, anasema kwa sauti yake ya kawaida "Twende wapi?" watoto wanajibu "Mwembeni!", "Tunakimbia?" "Hatukimbii!", "Tunabeba begi?" "Hatubebi!". Kila mtoto anaacha alichoshika, mdoli, kalamu, kikombe cha uji, anakuja kushika kamba, alafu tunatembea. Hamna kuvaa viatu, hamna kurudi kuchukua sweta. Kwenye kuacha vitu ndo kuna kazi kuliko kwenye kutembea, kwa hiyo siku mbili za kwanza tunacheza hicho tu: wanashika kitu wanachokipenda, nanyanyua mkono, wanakiweka chini wanasimama. Basi. Dakika tatu tumemaliza tunaendelea na kuimba.

Watu wazima wawili wana kazi zao. Mmoja ni Injini, yuko mbele na ndo anashika rejista. Wa pili ni Behewa la Mwisho, yeye hatoki mpaka ameangalia chooni, chini ya meza, nyuma ya mlango na kwenye kona ya kulalia, na anaangalia kwa kuinama maana ukisimama wima humuoni mtoto aliyekaa chini ya meza. Tunahesabu mlangoni wakati wanapita, tunahesabu tena mwembeni kwa rejista ya siku ile. Nasema ya siku ile kwa sababu ukihesabu kwa kukumbuka kwamba "darasa langu ni 20" wakati leo wamekuja 18, utatafuta watoto wawili walioko kwao wamelala, au vibaya zaidi utajiambia wale wawili hawakuja kumbe mmoja alikuja amechelewa.

Tukifika mwembeni wanakaa chini, kila mmoja anaitwa jina anajibu "nipo mwembeni". Hili jibu wanalipenda sana, wengine wanalisubiri njia nzima.

Hiyo kamba ni lazima? Naitengenezaje?

Sio lazima ila kwa mtoto muoga inasaidia sana, maana mkono ukiwa na kitu cha kushika mwili una kazi ya kufanya. Yangu ni kamba ya katani nene, mita 8. Nimefunga vitanzi vya vipande vya kanga kuukuu, viwili viwili, kimoja kulia kimoja kushoto, kila baada ya sentimita 60. Kwa watoto 20 ni safu 10, kwa hiyo karibu mita 6 zinaenda kwa watoto na zinazobaki ni mita moja mbele kwa Injini na mita moja nyuma kwa Behewa la Mwisho. Ukibana safu chini ya hapo watakanyagana visigino.

Inaning'inia kwenye msumari mmoja tu, pembeni ya mlango, imekunjwa ikiwa tayari, na haitumiki kwa kitu kingine, sio kuruka, sio kuanikia nguo. Na lazima mjue kutoka bila kamba, kwa hiyo mara moja kati ya mara nne hivi tunaiacha makusudi tunashikana mikono wawili wawili. Siku ya kweli ikiwa kamba imejisokota hakuna kusimama kuifungua, inaachwa.

Sauti inaingia lini, na naanzaje?

Inaingia pale ambapo safari ya kimya imekua rahisi mpaka wanakuomba mcheze tena. Na hapo usianze na alamu yenyewe. Kile kidude cha kugundua moshi kinachofungwa juu ya dari kinalia kama desibeli 85 ukiwa umbali wa mita 3, na ukibonyeza kitufe cha kujaribu kinalia kwa nguvu zote, hakina volyumu ndogo. Chini ya dari ya bati, kuta tupu, hiyo sauti inarudi inarudi mpaka hata mimi mtu mzima nasikia kichwani.

Kwa hiyo chukua simu, toka nje na hicho kidude, kirekodi kikilia sekunde kumi hivi. Kama mna king'ora au kengele nyingine rekodi hiyohiyo mtakayoisikia siku ya kweli, usichukue mlio mwingine wowote, maana mtoto anajifunza ule mlio hasa na sio milio kwa ujumla. Simu nyingi volyumu yake ina hatua kama 15. Mi naanza hatua ya pili, simu imefungwa kwenye kanga iko upande wa pili wa chumba, sekunde tatu tu, na nishawaambia kabla: "mtasikia kengele ya kutoka, ndogo kama mbu, itasema pii pii pii alafu itanyamaza, mkiisikia simameni mpige hatua mbili kwenda mlangoni". Wanasimama, hatua mbili, wanarudi kukaa. Mara mbili au tatu, tumemaliza kwa leo.

Ona kwamba hata kwenye sauti ndogo kabisa miguu inafanya kazi. Siwakalishi wasikilize tu, kwa sababu sitaki wajifunze kwamba ile kengele ni kitu cha kukaa nacho.

Kupandisha volyumu hakufuati ratiba, kunafuata mabega ya mtoto muoga kuliko wote. Mwangalie yeye: mabega yamepanda? Kashika pumzi? Vidole vya miguu vimejikunja? Anaangalia simu badala ya kuangalia mlango? Ukiona kimojawapo umeenda mbali, rudi hatua mbili chini, na malizia siku hiyo kwenye hatua ambayo aliiweza. Usimalizie kwenye kilio maana ndo atakachokumbuka kesho. Akipita mara tatu mabega yako chini, panda hatua moja.

Simu ikifika mwisho mnahamia kwenye alamu ya kweli, lakini nje. Sehemu ya wazi sauti inapungua kama desibeli 6 kila ukiongeza umbali mara mbili, kwa hiyo kile kinacholia 85 kwenye mita 3 kitakua kama 79 kwenye mita 6 na kama 73 kwenye mita 12. Mwalimu mmoja anakaa nacho mbali, watoto wako mwembeni, kinalia sekunde tatu, wanapunga mkono. Siku nyingine anasogea. Ndani ya chumba hesabu hii haifuati hivyo kwa sababu ya kuta, ndo maana ndani inakuja mwisho kabisa.

Tupe mfano wa mtoto mmoja, mwanzo mpaka mwisho.

Nilikua na kijana wa miaka 4 na nusu, mchangamfu, anaongea sana, ila kengele ya mapumziko tu ikilia anaziba masikio na anaingia chini ya meza ya vitabu. Mama yake akaniambia "madamu, huyu hata blenda ya juisi nyumbani anaikimbia". Kwanza nikamuomba mama ampeleke akaangaliwe masikio, maana mtoto mwenye maambukizi ya sikio sauti inaweza kumuuma kweli na hapo mchezo wowote ni kumtesa. Yalikua mazima.

Wiki ya kwanza, safari za kimya, hakua na shida yoyote, alikua wa kwanza kusema "hatukimbii". Wiki ya pili tukaanza sauti. Siku ya kwanza hatua ya pili ya volyumu, akaziba masikio hata kabla sijabonyeza, akabaki amekaa. Sikumlazimisha. Siku ya pili nikamuuliza kama anataka kubonyeza yeye. Hapo ndo mambo yalipogeuka. Alibonyeza, ikalia, akabonyeza kuzima haraka, akaniangalia. Nikamwambia haya tena. Alibonyeza kama mara tano, kila mara anaiacha ilie kidogo zaidi. Kilichokua kinamtesa ni kutojua itaanza lini na itaisha lini, na sasa mwanzo na mwisho viko kwenye kidole chake.

Siku ya tatu na ya nne alikua Mpiga Kengele wa darasa, anabonyeza alafu anaenda mlangoni na wenzake. Siku ya tano nikapandisha mpaka hatua ya sita kwa mkupuo mmoja, tamaa yangu, nilitaka kumaliza kabla ya likizo fupi. Akaingia chini ya meza. Nikakaa sakafuni karibu na meza, sikumvuta, nikasema "kengele imenyamaza, Injini inakusubiri", akatoka baada ya dakika kadhaa. Tukarudi hatua ya tatu na tukakaa hapo siku tatu nzima. Hiyo haraka yangu ilitugharimu karibu wiki.

Wiki ya nne alianza kusikia akibonyeza mtu mwingine, lakini anahesabiwa "moja, mbili, tatu" kwanza. Wiki ya tano bila kuhesabiwa ila anajua ni asubuhi hii. Wiki ya sita tukawasha alamu ya kweli tukiwa nje, alafu siku mbili baadae ndani, mlango wazi. Aliziba sikio moja kwa kiganja, mkono wa pili akashika kitanzi, akatembea mpaka mwembeni. Hilo sikio moja kuzibwa mi sioni kama kasoro. Lengo langu ni afike mwembeni, akitaka kufika ameziba sikio na afike hivohivo.

Shuleni kwetu hatuna alamu, tuna rimu ya gari tu inaning'inia kwenye mti. Inafaa?

Inafaa, tena rimu ina faida moja, mpigaji anaweza kuanza kwa kugonga polepole. Tatizo ni kwamba rimu hiyohiyo ndo ya kuingia darasani, ya uji na ya kwenda nyumbani, kwa hiyo mtoto hawezi kutofautisha. Chagueni mlio wa moto usiofanana na mingine. Kama ya uji ni ngo, ngo, ngo alafu kimya, ya kutoka iwe mfululizo bila kupumzika mpaka mtoto wa mwisho amefika mwembeni, na hata mlinzi na mama wa jikoni waambiwe kwamba hakuna kugonga mfululizo kwa sababu nyingine yoyote. Kuwe na filimbi pia ndani ya darasa, kwa sababu kama rimu iko upande wa moto mtaanza na filimbi.

Na mtoto asiyesikia vizuri asitegemee rimu kabisa. Mpange pembeni ya mtu mzima, ishara yake ni kuguswa bega mara tatu na kuoneshwa mkono ulionyanyuliwa, ndo maana ule mkono tunaufanya kwa darasa zima toka siku ya kwanza.

Wakizoea sana si watakuja kuipuuza siku ya moto kweli?

Wangeipuuza kama wangeisikia inalia na hakuna kinachofuata. Ndo maana ndani ya darasa sauti kwetu kila mara inafuatwa na miguu. Na simu yenye ule mlio siwaachii wachezee, mtoto akiigiza "pii pii pii" kwa mdomo darasani namwambia twende basi, tunapiga hatua mbili kwenda mlangoni, wanacheka tunarudi. Kinachoua zoezi ni alamu mbovu inayolia yenyewe kila siku alafu mwalimu anasema "aah kaeni tu, ni mbovu". Mkiwa na hiyo ipelekeni kwa fundi kabla ya kuanza mchezo wowote.

Nitoe zawadi kwa anayewahi?

Hapana. Ukitoa pipi kwa wa kwanza umeanzisha mbio, na mbio kwenye mlango mmoja zinaangusha mtoto, mmoja akianguka mlango umeziba. Mi naangalia saa kimyakimya, toka kengele ilipoanza mpaka mtoto wa mwisho amekaa mwembeni, naandika kwenye daftari langu, watoto siwaambii. Ikiwa mara hii imechukua muda zaidi ya mara iliyopita natafuta kilichokwamisha, mara nyingi ni mlangoni au ni mtoto aliyekua chooni. Furaha yao inatosha kwenye kuitwa jina na kusema "nipo mwembeni", na kama kuna stika basi darasa zima linapata.

Nawaambia kwamba ni mazoezi, au niwaambie kweli kuna moto?

Usiwadanganye kwamba kuna moto. Mtoto aliyedanganywa leo atalia leo na kesho hatakuamini. Mi nawaambia ukweli mfupi: "kengele hii inasema tutoke nje, kwa sababu ndani panaweza kua na moshi na moshi sio mzuri kwa kifua". Inatosha. Hadithi za watu walioungua hazina kazi kwa mtoto wa miaka 3.

Ila kuna mtego hapa, watoto wakizoea kuuliza "ni mazoezi au kweli?" kabla ya kunyanyuka wameanza tabia mbaya. Jibu langu ni moja siku zote, "kengele imelia, twende wapi?". Mwanzoni nawatangazia siku na saa. Wakishaweza, walimu tu ndo wanajua. Baadae inakuja wakati wowote, wakati wa uji, wakati wamelala mchana, wakati nusu wako chooni, kwa sababu moto hausubiri watoto wawe wamekaa vizuri kwenye mkeka. Zoezi kamili kwetu ni mara moja kwa mwezi, na vipande vidogo vya mchezo kila wiki.

Na kutambaa chini ya moshi?

Huo ni mchezo wa siku nyingine, unaitwa Kobe. Watu wazima wawili wanashika kanga imenyooshwa, urefu wa sentimita 60 hivi toka sakafuni, hiyo kanga ndo moshi, watoto wanapita chini yake kwa magoti na viganja kufuata ukuta mpaka mlangoni. Moshi wa moto unapanda juu kwanza na hewa ya kuvuta inabaki chini, kwa hiyo mtoto anayetambaa anapumua vizuri kuliko anayesimama. Usiwashe moshi wa kweli, usichome karatasi ili "wauone", na usiuchanganye na kengele mpaka kila kimoja kiwe rahisi peke yake.

Kile cha kulala chini na kubingirika ni cha nguo iliyoshika moto tu. Nishakuta watoto wanafundishwa vyote siku moja, alafu kengele ikilia nusu ya darasa inabingirika sakafuni. Kifundisheni mbali, wiki nyingine, na swali la kwanza liwe "nguo imeshika moto?".

Mtoto amekataa kabisa kutoka, nifanyeje siku ileile?

Anabebwa. Hili halina mjadala, na halisubiri abembelezwe. Kila mtoto unayejua anaganda apangiwe mtu mzima wake kwa jina, sio "yeyote atakayemuona", kwa sababu kila mtu atadhani mwenzake amemchukua. Siku za mazoezi muulize kabla, "kengele ikilia miguu ikikataa, nikubebe mgongoni au kifuani?" Akichagua mwenyewe, siku ukimbeba hapambani na wewe.

Kwa mtoto ambaye sauti inamtesa kuliko wengine, kuna vile vifuniko vya masikio vya kuzuia kelele wanavyovaa mafundi, vipo vya saizi ya watoto. Vinapunguza sauti, haviiondoi, atasikia bado. Vitundike kwenye msumari uleule wa kamba, maana vikiwa kabatini havitakumbukwa. Na kama mtoto amewahi kupitia moto wa kweli kwao, au baada ya mazoezi anakojoa kitandani, halali, anakataa kuja shule kwa wiki kadhaa, simamisha sauti kwake, abaki na safari ya kimya, na mama yake apewe ushauri wa kumpeleka kliniki ya watoto akaonane na wataalamu.

Nipo ughaibuni, ghorofani, kidude cha moshi kinalia "pi" moja kila baada ya muda na mtoto halali tena chumbani kwake. Ndo nini?

Huo mlio mmoja mfupi, karibu kila dakika, kwa kawaida ni betri inaisha. Badilisha betri leo, usikitoe kabisa kwenye dari. Mwachie mtoto akubebee betri mpya, umuoneshe pale inapoingia, abonyeze kitufe pamoja na wewe ukishamwambia "kitalia kwa nguvu, sekunde mbili, tukishasikia tunaenda mlangoni". Jaribu ufanye mchana, sio karibu na kulala. Mwembe wenu unaweza kua nguzo ya taa au bustani ya mbele, ilimradi ni mahali palepale siku zote na mnaenda kwa ngazi, lifti hamna.

Zoezi lenu limewahi kuharibika?

Ndio, na hili nataka ulisome vizuri. Shule moja niliyofundisha zamani tuliandaa kila kitu, kamba, nyimbo, watoto hawalii, nikajiona nimemaliza kazi. Siku ya zoezi kamili nikaamua tujaribu mlango wa nyuma, kwa sababu mlango wa mbele unapita karibu na jiko la uji, na jikoni ndo kwenye kuni na mtungi wa gesi. Watoto 18 wakatembea vizuri kabisa, kimya, kila mmoja kashika kitanzi, tukafika mlangoni tukakuta kufuli. Ufunguo ulikua kwenye mkoba wa mwalimu mkuu na mwalimu mkuu alikua mjini. Madirisha yote yana nondo. Tukageuka na treni yetu tukarudi ndani tukapita mlango wa mbele, watoto wakadhani ni sehemu ya mchezo, mi miguu ilikua inatetemeka.

Toka siku ile, kabla sijagusa sauti yoyote shule yoyote, nazunguka jengo saa watoto wapo ndani, nasukuma kila mlango kwa mkono wangu. Wakati watoto wapo hakuna mlango wa kutokea unaofungwa kwa kufuli, unawekewa komeo la ndani ambalo mtu mzima analifungua bila ufunguo na liko juu mtoto asifikie. Geti la nje likiwa lazima lifungwe kwa ajili ya watoto kutoroka, ufunguo anao mlinzi mwilini mwake na wa pili uko kwa Injini. Naangalia mwembe nao, usiwe kwenye njia ambayo gari la zimamoto litapita kuingia, na usiwe chini ya nyaya za umeme. Namba ya zimamoto, 114 kwa Tanzania, 999 au 112 kwa Kenya, imeandikwa kwa maandishi makubwa kwenye jalada la rejista, kwa sababu rejista ndo kitu ambacho Injini hatoki bila kukishika mkononi, na anapiga akiwa mwembeni, watoto wakiwa wameshakaa chini.